Uzi: Snapshoti moja ya Firecracker, mashine 20 zinafufuka: ombi la kwanza zito, saa iko nyuma, namba zinajirudia

Nanga_Kuu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu. Tuna jukwaa dogo la kuendesha funksheni za wateja, kila funksheni ndani ya mashine pepe yake ya Firecracker yenye RAM ya MiB 512. Kuwasha mashine si tatizo, kerneli ya ndani inafika kwenye init upesi sana. Kinachokula muda ni programu ya Java iliyomo, inahitaji kama sekunde 4 kabla ya kuweza kupokea ombi.

Ili kukwepa zile sekunde 4, mashine inawashwa mara moja tu, inasubiriwa hadi programu iwe tayari, inasimamishwa, inapigwa snapshoti, yaani hali yake yote pamoja na RAM inaandikwa kwenye mafaili. Baada ya hapo kila nakala ya funksheni hiyo inafufuliwa kutoka kwenye snapshoti ileile:

```
curl --unix-socket /run/fc.sock -X PUT \
  http://localhost/snapshot/load \
  -H 'Content-Type: application/json' -d '{
  "snapshot_path": "vm.snap",
  "mem_backend": {"backend_type": "File",
                  "backend_path": "vm.mem"},
  "resume_vm": true}'
```

Amri hii inarudisha jibu ndani ya milisekunde chache. Ila kuna mambo matatu sielewi chanzo chake. Ombi la kwanza baada ya kufufuka linachukua karibu milisekunde 900, la pili 15. Saa ya ndani inaonyesha muda wa jana, saa ile snapshoti ilipopigwa, na vyeti vya TLS vinakataliwa. La tatu ndilo baya kuliko yote: nakala mbili zimetoa namba ya oda moja kwa wanunuzi wawili tofauti. Naomba mwongozo.

Kidau

Mkuu mbona unajitesa? Tumia konteina. Firecracker ni konteina iliyoongezewa ulinzi tu, na konteina inawaka haraka bila habari za snapshoti.

Shangazi_Root

Kidau, hapo kuna nusu ya ukweli. Konteina kweli inawaka haraka. Lakini Firecracker si konteina. Konteina zote kwenye seva moja zinatumia kerneli moja, na msimbo wa mteja unaongea na kerneli hiyo moja kwa moja kupitia wito wa mfumo zaidi ya 300. Kosa moja kwenye wito mmojawapo linampa mteja mwenye nia mbaya njia ya kufika kwa jirani yake. Ndani ya Firecracker kila mteja ana kerneli yake, na ukuta unaomtenga na wengine ni KVM pamoja na vifaa vichache sana: diski, mtandao, vsock ya kuongea na seva, kidude cha kuzimia mashine na vingine vya kuhesabika. Hakuna BIOS, hakuna USB, hakuna kadi ya picha. Isitoshe, mchakato wa Firecracker wenyewe unafungiwa na jailer ndani ya chroot na cgroup, nao unajiwekea kichujio cha seccomp, ili hata mtu akivunja ukuta wa kwanza akute wa pili.

Kabla ya Firecracker kutangazwa mwaka 2018, Lambda, huduma ya funksheni ya AWS, ilizitenga funksheni za mteja mmoja kwa konteina, na mteja na mteja kwa mashine pepe kamili. Ilikuwa salama, ila ikipoteza nafasi, kwa sababu mashine nzima ilishikwa na mteja mmoja hata kama ana funksheni mbili ndogo. Ukiwa na mashine pepe ambayo msimamizi wake anatumia chini ya MiB 5 za RAM na msimbo wa mteja unaanza ndani ya milisekunde 125, unaweza kuwachanganya wageni elfu kadhaa kwenye seva moja bila kuwachanganya kwenye kerneli. Hiyo ndiyo sababu ya Nanga kuwa hapo alipo. Anaendesha msimbo wa watu asiowajua.

Sasa Nanga, tuanze na zile milisekunde 900. Ile amri ya kufufua inarudi upesi kwa sababu haisomi kumbukumbu. Firecracker inalifunga faili la `vm.mem` kwenye anwani zake kwa mmap na kuendelea na safari. Kila mashine inapogusa ukurasa wa KiB 4 ambao haujawahi kuguswa, prosesa pepe inasimama, seva inaenda kuusoma ukurasa huo kwenye diski, ndipo kazi inaendelea. Java katika ombi la kwanza inagusa maelfu ya kurasa zilizotawanyika huku na huku. Hivyo muda hujaupunguza wote, sehemu yake umeihamisha kutoka kwenye kuwasha hadi kwenye ombi la kwanza.

Kuthibitisha ni rahisi. Safisha kache ya seva, fufua, pima ombi la kwanza. Kisha rudia, ila safari hii soma faili lote kwanza:

```
sync; echo 3 > /proc/sys/vm/drop_caches
cat vm.mem > /dev/null
```

Ukiona ombi la kwanza limeshuka sana kwenye jaribio la pili, tatizo ni diski. Lisiposhuka, tatizo liko ndani ya Java yenyewe.

Jongoo

Samahani kuingilia. Mimi hata kuwasha imeshindikana, naambiwa `/dev/kvm` haipo. Nina VPS ya kawaida. Je, hii snapshoti inaweza kunisaidia?

Shangazi_Root

Hapana Jongoo, hilo ni jambo jingine kabisa. VPS yako yenyewe ni mashine pepe, na aliyekukodisha hajaruhusu mashine pepe ndani ya mashine pepe. Akiruhusu, `/dev/kvm` itatokea, ingawa kasi itapungua. La sivyo, chukua seva halisi ya chuma. Hakuna mpangilio wa Firecracker utakaokuvusha hapo.

Nanga_Kuu

Nimepima kama ulivyosema. Kache ikiwa tupu ni ms 910, faili likiwa limesomwa kwanza ni ms 240. Kwa hiyo sehemu kubwa ni diski, lakini si yote.

Kidau

Basi tumia snapshoti ya aina ya `Diff` badala ya `Full`. Faili litakuwa dogo, litasomwa haraka.

Shangazi_Root

`Diff` inasaidia wakati wa kupiga, kwa kuwa inaandika kurasa zilizobadilika tu tangu snapshoti iliyotangulia. Wakati wa kufufua bado unahitaji kumbukumbu kamili, yaani ile tofauti inaunganishwa kwanza na faili la msingi. Kurasa ambazo Java itazigusa ni zilezile. Haipunguzi chochote hapa.

Kinachosaidia ni kujua ombi la kwanza linagusa kurasa zipi na kuzipakia mapema. Safisha kache, fufua, tuma ombi moja, kisha:

```
fincore vm.mem
```

Itakuonyesha ni kiasi gani cha faili kimeingia kwenye RAM ya seva. Namba hiyo imevimba kidogo kwa sababu kerneli inasoma na kurasa za jirani, lakini inatoa picha. Utakuta ni sehemu ndogo ya zile MiB 512. Orodha ya sehemu zenyewe fincore haitoi, itoe kwa wito wa `mincore`, na kabla ya kila kufufua zisome kwa mfululizo mmoja. Kusoma MiB 80 kwa mfululizo ni kazi nyepesi, kusoma MiB 80 zilezile vipande vipande huku prosesa ikisubiri kila kipande ndiko kunakokuua. Wanaotaka udhibiti kamili wanatumia `Uffd` mahali pa `File` kwenye `backend_type`, ambapo mchakato wenu wenyewe ndio unaoamua ukurasa upi uletwe lini. Nguvu yake ni kubwa, ila mchakato huo ukifa, mashine inaganda katikati ya kazi. Usianze na huo.

Kwa zile ms 240 zilizobaki: ulipiga snapshoti lini hasa? Baada ya programu kusema iko tayari, au baada ya kujibu ombi?

Nanga_Kuu

Baada ya kusema iko tayari. Haikuwa imejibu ombi lolote.

Shangazi_Root

Ndiyo hapo. Java hupakia madarasa yanapohitajika kwa mara ya kwanza. Programu "iliyo tayari" bado haijapakia madarasa ya kusoma JSON, ya kuunda jibu, ya kushughulikia TLS. Tuma maombi ya uongo ishirini au thelathini yanayopita njia halisi, kisha lazimisha ukusanyaji taka wa kumbukumbu, ndipo usimamishe mashine. Ule ukusanyaji taka una faida nyingine. Nakala zako 20 zinasoma faili moja, kwa hiyo kurasa ambazo hazijaandikwa ziko kwenye RAM ya seva mara moja tu kwa wote. Ukurasa ukiandikwa na nakala mojawapo, nakala hiyo inapata ukurasa wake binafsi. Mkusanya taka wa Java akianza kuhamisha vitu baada ya kufufuka, anaandika kila mahali, na ule ushirika unavunjika nakala kwa nakala. Utaona RAM ya seva ikipanda bila maombi kuongezeka.

Angalizo: maombi ya uongo yasiache alama. Yakifungua miunganisho ya hifadhidata, ifungeni kabla ya snapshoti.

Tarishi09

Naomba niulize la kwangu maana linafanana. Sisi nakala zinafufuka vizuri, baada ya dakika kadhaa zinaanza kutoa `Structure needs cleaning` kwenye mafaili. RAM ya seva imejaribiwa haina hitilafu. Inaweza kuwa ndiyo hiyo kurasa kushirikiwa?

Shangazi_Root

Kurasa za kumbukumbu hazina kosa, kila anayeandika anapewa nakala yake. Tarishi, diski ya mizizi mmeifunga kwa kuandika au kusoma tu?

Tarishi09

Kuandika. Ni faili moja la ext4, nakala zote zinalielekea.

Shangazi_Root

Basi umelipata. Njia ya faili la diski imehifadhiwa ndani ya `vm.snap`, kwa hiyo nakala zote zinafungua faili lilelile. Kila moja ina kerneli yake inayoamini kwamba ni yenyewe peke yake inayolimiliki, na kila moja inaandika jedwali lake la ext4 juu ya la mwenzake. Hakuna mfumo wa faili wa kawaida unaovumilia hilo.

Weka mizizi iwe `"is_read_only": true`, na kazi ya kuandika iende kwenye diski ya pili iliyowekwa juu yake kwa overlay. Diski hiyo ya pili inanakiliwa kwa kila nakala. Inakiliwe mashine ikiwa imesimamishwa, pamoja na snapshoti, kwa sababu sehemu ya maandishi bado iko kwenye kumbukumbu ya mashine na haijafika kwenye diski. Kumbukumbu ya saa nne na diski ya saa nne na dakika tano havielewani. Kwenye XFS au Btrfs `cp --reflink=always` inanakili papo hapo. Na kwa kuwa jailer inampa kila mmoja chroot yake, njia inabaki ileile ingawa faili ni tofauti.

Mtandao nao una mtego wa namna hiyo: kila nakala inajua IP moja, MAC moja na inatafuta `tap0`. Ziwekeni kila moja kwenye netns yake, ndani yake tengenezeni `tap0`, halafu NAT ifanyike nje. Jailer inapokea `--netns`.

Nanga_Kuu

Mtandao tulishaufanya hivyo. Na zile namba za oda? Nimesoma kwamba VMGenID inatatua.

Kidau

Ndiyo, VMGenID. Kerneli ya ndani kuanzia 5.18 ina dereva wake. Ukifufua, kitambulisho kinabadilika, kerneli inachanganya upya chanzo chake cha namba za bahati nasibu. Weka kerneli mpya, tatizo limekwisha.

Shangazi_Root

Kidau safari hii umesema kweli kuhusu kerneli. Lakini Nanga, leta msimbo unaotengeneza namba ya oda kabla hujabadilisha chochote.

Nanga_Kuu

Huu hapa:

```java
static final String KIAMBISHI =
    UUID.randomUUID().toString().substring(0, 8);
static final AtomicLong HESABU = new AtomicLong();

static String nambaMpya() {
    return KIAMBISHI + "-" + HESABU.incrementAndGet();
}
```

Shangazi_Root

Asante. Bahati nasibu ya kerneli hapa haihusiki hata kidogo. `KIAMBISHI` kilitengenezwa mara moja darasa lilipopakiwa, kabla ya snapshoti. Kimelala kwenye kumbukumbu kama maandishi ya kawaida. Nakala zote 20 zimezaliwa nacho, na hesabu zao zote zinaanzia namba moja. Oda ya kwanza ya nakala hii ni sawa na oda ya kwanza ya ile, siku zote. VMGenID inaiambia kerneli kwamba mashine imefufuka, haiendi kutafuta vigezo vya programu yako.

Hata kwa kerneli yenyewe kuna upenyo mdogo: prosesa pepe zinaanza kukimbia kabla kerneli haijamaliza kushughulikia taarifa hiyo. Kwa hiyo usimruhusu mtu atume ombi mpaka mashine yenyewe iseme iko tayari.

Utaratibu ninaouamini ni huu. Ndani ya mashine kuna wakala mdogo anayesikiliza kwenye vsock. Miunganisho ya vsock iliyokuwa wazi inakatika kwenye snapshoti, hilo ni kawaida, ila anayesikiliza anabaki. Baada ya kufufua, seva inaunganisha upya na kutuma ujumbe mmoja: umefufuka, kitambulisho chako ni hiki, saa ni hii. Wakala anaweka saa, anaipa programu kitambulisho kipya, programu inatengeneza `KIAMBISHI` upya, ambacho kwa hiyo kisiwe `final` tena, inarudisha `HESABU` sifuri, inafungua miunganisho ya hifadhidata, ndipo anajibu "tayari". Seva inaanza kupeleka maombi baada ya jibu hilo tu. Kwa Java kiolesura cha CRaC kina `beforeCheckpoint` na `afterRestore` kwa kazi hii hasa, na SnapStart ya Lambda inatumia hizo hizo.

Nanga_Kuu

Saa si ingejirekebisha yenyewe? Tuna chrony ndani inayosoma `/dev/ptp0`.

Shangazi_Root

Angalia mstari wa `makestep` kwenye `chrony.conf`. Wengi wana `makestep 1 3`, maana yake iruke tu katika masahihisho matatu ya kwanza tangu chronyd iwashwe. Chronyd yako iliwashwa jana, kabla ya snapshoti, na matatu yake yameshaisha. Ikifufuka na kukuta imechelewa saa 20, inaanza kusogeza saa kidogo kidogo. Weka:

```
makestep 1 -1
```

Hata hivyo, chrony itasubiri zamu yake ya kupima. Saa iwekwe na wakala kwanza, chrony ije kuitunza baadaye.

Kuna jambo linaloambatana na hili ambalo halionekani kwenye `date`. Saa ya ndani isiyorudi nyuma, ile `CLOCK_MONOTONIC`, inaendelea kutoka pale ilipoachwa. Kwa programu, kati ya kusimamishwa na kufufuka zimepita sekunde sifuri. Dimbwi la miunganisho linalojipima kwa saa hiyo litaona muunganisho wake una sekunde 3 tu bila kazi, hivyo ni mzima, wakati upande wa pili uliufunga jana. Dalili yake ni ombi la kwanza kufa kwa `Connection reset` na la pili kupita. Usitegemee muda wa kuisha, funga yote kabla ya snapshoti.

Zuio

Shangazi, nakubaliana nawe kwa yote hayo, ila kuna jambo mnalikwepa. Nakala zote 20 zina mpangilio uleule wa anwani za kumbukumbu. Kerneli, maktaba, JVM, vyote viko mahali palepale. Mshambuliaji akivujisha anwani moja kwenye nakala moja, amezijua za zote. Mnapunguza ulinzi ili kuokoa sekunde 4. Na hilo faili la `vm.mem` lina kila siri iliyokuwa kwenye RAM, funguo na nywila, limekaa tu kwenye diski.

Shangazi_Root

La faili ni kweli tupu. Lisimbwe, na funguo ziingizwe baada ya kufufuka kupitia yule wakala, zisiwepo kabla. Anayeweka nywila kwenye vigezo vya mazingira kabla ya snapshoti amezichapisha.

La anwani sina dawa kamili. Mipaka yake ni kwamba snapshoti moja ni ya funksheni moja ya mteja mmoja, kwa hiyo anayevujisha anwani anafika kwa nakala za mteja huyohuyo, si kwa jirani. Ukuta wa KVM kati ya wateja haujaguswa. Nisingekubali kamwe snapshoti moja ya msingi yenye Java iliyokwisha kuwaka itumike kwa wateja wote.

Zuio

Lakini hata mteja mmoja ana watumiaji wake wasioaminiana. Mimi ningepiga snapshoti upya kila baada ya saa chache ili mpangilio ubadilike.

Shangazi_Root

Inapunguza dirisha, hailifungi. Na kila snapshoti mpya inaanza na kache tupu kwenye kila seva, kwa hiyo Nanga atazilipa zile ms 910 upya. Wewe unaweka mizani yako pale, mimi naiweka pengine.

Tarishi09

Na kupeleka snapshoti kwenye seva nyingine? Tuna seva za vizazi viwili vya Intel.

Shangazi_Root

Java ilipowaka iliuliza prosesa ina uwezo gani na kutengeneza msimbo kulingana na jibu. Ukiifufua kwenye prosesa ya zamani isiyo na amri hizo, inakufa kwa `SIGILL`, na si lazima ife mara moja. Firecracker ina vielelezo vya CPU vya kuficha tofauti hizo, mashine ione uwezo wa ile dhaifu tu. Kielelezo kiwekwe kabla ya kuwasha ile ya kwanza, baadaye hakisaidii. Kutoka Intel kwenda AMD usijaribu.

Nanga_Kuu

Mrejesho, wakuu. Maombi ya uongo 30 na ukusanyaji taka kabla ya snapshoti, orodha ya sehemu za kupakia mapema, wakala wa vsock, `makestep 1 -1`. Ombi la kwanza sasa ni ms 130 kache ikiwa tupu. Namba za oda zimeacha kujirudia kwenye majaribio ya nakala 200. Siri tumezihamishia baada ya kufufuka.

Kilichobaki ni RAM ya seva. Nakala zikiwa mpya zinashirikiana vizuri, baada ya saa moja hivi kila moja ina kama MiB 140 zake binafsi, ingawa nusu yake hazina maombi kabisa. Mkusanya taka ni G1. Kuna aliyepima tofauti akitumia Serial kwenye mashine ndogo kama hizi?

Zuio

Kabla ya kulaumu G1, angalia kama chrony na wakala wenyewe ndio wanaoandika. `Private_Dirty` kwenye `/proc/PID/smaps` ya mchakato wa Firecracker, ipime kila dakika kwa nakala isiyo na kazi. Ikipanda taratibu bila kukoma, si mkusanya taka. Ikipanda kwa kuruka, pengine ndiye.

Nanga_Kuu

Nawasha kipimo usiku huu kwa nakala 10, tano za G1 na tano za Serial. Nitaleta namba hapa.